Gramu moja ya maada ikigeuka nishati yote: jinsi ya kuipigia hesabu, kutoka jouli hadi uniti za umeme na lita za petroli

Robo ya kijiko cha chai cha sukari ina gramu moja hivi. Ukiila, mwili unapata takriban jouli 17,000, nishati ambayo huisha ukipanda ngazi kidogo. Sukari hiyo hiyo ingegeuka nishati yote, pasibaki majivu, moshi wala mvuke, ingetoa jouli trilioni 90, yaani zaidi ya mara bilioni tano ya ile uliyoipata kwa kuila.

Si lazima iwe sukari. Gramu ya mchanga, ya dhahabu au ya maji ingetoa kiasi kile kile, kwa sababu kanuni inayotumika haiulizi ni kitu gani, inauliza masi yake tu. Hapa chini nitaipiga hesabu hiyo hatua kwa hatua, kisha niipeleke kwenye vipimo tunavyovijua: uniti za mita ya umeme, mitungi ya gesi, magunia ya mkaa na malori ya mafuta. Nitakaa zaidi pale watu wanapokosea, maana kanuni yenyewe ni fupi na makosa yake ni mengi.

Kwanza, pata jouli

Kanuni ni ile aliyoifikia Albert Einstein mwaka 1905: E = mc². E ni nishati kwa jouli, m ni masi kwa kilo, na c ni kasi ya mwanga kwa mita kwa sekunde. Vipimo hivyo vitatu vinakwenda pamoja. Ukibadilisha kimoja bila vingine, jibu linaharibika, na kikokotoo hakitakuonya.

Gramu moja ni kilo 0.001. Kasi ya mwanga ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Namba hiyo haina makadirio ndani yake, kwani tangu mwaka 1983 urefu wa mita wenyewe unafafanuliwa kwa kutumia kasi ya mwanga. Kwa hiyo upande huu wa hesabu ni safi kabisa. Ukiona majibu ya watu wawili yanatofautiana kidogo, tofauti imetoka upande wa mafuta: mmoja kachukua thamani hii ya petroli, mwenzake kachukua nyingine.

Kwa kichwa, chukua c kuwa milioni 300. Milioni 300 mara milioni 300 ni 90,000,000,000,000,000. Zidisha kwa 0.001, unabaki na 90,000,000,000,000, yaani trilioni 90. Kwa usahihi zaidi, fungua Excel au jedwali lolote la simu, andika kwenye kisanduku kimoja:

```
=0.001*299792458^2
```

Utaona 8.98755E+13. Hiyo E iliyo katikati haihusiani na E ya nishati. Ni namna ya mashine kusema "sogeza nukta hatua 13 kwenda kulia". Kwa hiyo ni jouli 89,875,500,000,000 kwa kukadiria kidogo mwishoni, na trilioni 90 inatosha kwa mazungumzo.

Kisha geuza jouli ziwe uniti

Jouli ni kipimo kidogo mno kwa matumizi ya nyumbani. Mita ya umeme, iwe ya LUKU au ya tokeni za Kenya, inahesabu kilowati-saa, ambayo wengi tunaiita uniti na kwenye kioo cha mita huandikwa kWh. Uniti moja ni nishati ya kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi saa nzima. Saa moja ina sekunde 3,600, na wati moja ni jouli moja kwa sekunde, kwa hiyo uniti moja ni 1,000 mara 3,600, sawa na jouli 3,600,000.

```
=0.001*299792458^2/3600000
```

Jibu ni 24,965,421 na kidogo juu. Tuseme uniti milioni 25. Hiyo ndiyo namba ya kukariri katika hesabu hii yote, kwa kuwa nyingine zinatokana nayo.

Makosa manne na namna ya kuyatambua kwa jibu lake

Uzuri wa makosa ya hesabu hii ni kwamba kila moja linaacha alama yake, kwa hiyo unaweza kusoma jibu baya na kujua lilikoharibikia.

La kwanza ni kuandika 1 badala ya 0.001, kwa kuwa swali limesema gramu moja na mkono umeandika moja. Jibu linakuwa kubwa mara elfu: uniti bilioni 25. Hiyo ni nishati ya kilo nzima.

La pili ni kutumia kilomita. Shuleni wengi tumekariri kuwa mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na namba hiyo inaingia kwenye kikokotoo kama ilivyo. Kwa kuwa kasi inazidishwa kwa yenyewe, kosa la elfu linakuwa kosa la milioni: unapata uniti 25 tu badala ya milioni 25. Nalihofia kosa hili kuliko mengine, sababu uniti 25 ni namba inayoonekana ya kawaida na mtu anaweza kuipokea bila kushtuka.

La tatu ni kusahau kipeo cha pili. Hapo unapata jouli 300,000 hivi, chini hata ya sehemu ya kumi ya uniti. Chemsha lita moja ya maji na umeshaimaliza.

La nne liko kwenye kugeuza: kugawanya kwa 3,600 badala ya 3,600,000. Jibu linakuwa wati-saa, si kilowati-saa, nalo ni bilioni 25. Angalia kwamba ni namba ile ile ya kosa la kwanza. Ukikutana na bilioni 25, basi, usikimbilie kusema mtu kasahau gramu. Rudi kwenye hatua ya jouli. Kama pale pana trilioni 90, kosa liko kwenye kugawanya. Kama pana mara elfu ya hapo, kosa liko kwenye gramu.

Uniti milioni 25 zinatosha nini?

Anza na nyumba. Nchini Tanzania, uniti 75 kwa mwezi ndicho kiwango kilichotumika kutenga wateja wadogo wa bei nafuu, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha nyumba yenye taa, televisheni, chaji za simu na pengine friji ndogo. Gawanya 24,965,421 kwa 75, unapata miezi 332,872. Gawanya kwa 12, unapata nyumba 27,700 zikiwaka mwaka mzima. Huo ni mji, si mtaa.

Sasa nenda kwenye chanzo cha umeme. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Megawati moja ni kilowati 1,000, kwa hiyo mitambo yote ikizunguka kwa uwezo wake kamili inatoa uniti 2,115,000 kila saa. Gawanya uniti zetu kwa hizo: saa 11 na dakika 48. Bwawa zima, milango wazi, mitambo yote tisa, kuanzia alfajiri hadi jua linapozama, ndiyo nishati ya ile robo ya kijiko. Mtambo mmoja peke yake ungehitaji saa 106, yaani siku nne na saa kumi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata watu wazoefu. Megawati ni kasi ya kutoa nishati, uniti ni nishati yenyewe. Huwezi kusema gramu moja ni sawa na "megawati" kadhaa mpaka utaje muda. Nishati ile ile ikitoka kwa saa 12 inaendesha viwanda, na ikitoka ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde inafuta mji. Nitarudi kwenye hilo.

Upande wa mafuta

Hatua ni moja kwa kila aina ya mafuta: tafuta jouli zilizomo katika lita au kilo moja, kisha gawanya trilioni 89.9 kwa hizo. Kugawanya ni rahisi. Kazi iko kwenye kuchagua thamani ya mafuta, kwa sababu petroli si kitu kimoja duniani kote, na mkaa ndiyo kabisa: mkaa wa mti mgumu uliokauka hauwezi kulingana na mkaa uliolowa mvua njiani.

Petroli ina takriban jouli milioni 32 kwa lita ikiwa mvuke wa maji unaotoka kwenye ekzosi unahesabiwa kuwa umepotea na joto lake, jambo ambalo ndilo hutokea kwenye injini. Trilioni 89.9 kugawanya kwa milioni 32 ni lita 2,810,000. Lori moja la mafuta la barabara kuu hubeba lita 40,000 hivi, kwa hiyo ni malori 70. Yapange kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro na utapata foleni ya kutosha.

Gesi ya kupikia ina jouli milioni 46 hivi kwa kilo. Mtungi wa kilo 15 una jouli milioni 690. Gramu yetu ni mitungi 130,000.

Mkaa mkavu mzuri una jouli milioni 30 hivi kwa kilo, kwa hiyo ni tani 3,000, au magunia 60,000 ya kilo 50. Ukitumia mkaa wenye unyevu, idadi ya magunia inapanda, na hakuna haja ya kubishana juu ya gunia moja moja. Majibu ya upande wa mafuta yaandike kwa tarakimu mbili zenye maana, tatu zikizidi. Anayekuambia "lita 2,808,610 za petroli" hajawa sahihi kuliko wewe uliyesema milioni 2.8. Ameonyesha tu kwamba kikokotoo chake kina nafasi nyingi.

Usichanganye joto na umeme

Hili ndilo kosa ambalo kikokotoo hakiwezi kukuonyesha, kwa kuwa namba zote zinakuwa sahihi ila kilicholinganishwa si kimoja.

Lita ya petroli yenye jouli milioni 32 ina uniti 8.9 za joto. Lakini ukiitia kwenye jenereta dogo la nyumbani hupati uniti 8.9 kwenye soketi. Sehemu kubwa inaondoka kwa joto la injini na moshi wa ekzosi, unabaki na uniti 1.8 hivi, na pungufu kama jenereta linawasha taa mbili tu. Kwa hiyo "petroli yenye nishati sawa na gramu moja" ni lita milioni 2.8, ila "petroli ya kuzalisha uniti milioni 25 kwa majenereta madogo" ni karibu lita milioni 14, malori 350. Kauli zote mbili ni kweli. Atakayeziweka kwenye sentensi moja bila kutofautisha atakuwa amekosea mara tano.

Upande wa gramu nao una kasoro hiyo. Hata kama tungekuwa na njia ya kugeuza maada yote, nishati ingetoka kama mionzi na joto, na ingebidi ichemshe maji, izungushe tabo, izungushe jenereta. Vinu vya nyuklia vya leo hugeuza takriban theluthi moja ya joto kuwa umeme. Kwa kipimo hicho gramu moja ingefikisha uniti milioni 8 hivi kwenye nyaya. Bwawa la Rufiji likilinganishwa kwa haki, saa 12 zinashuka kuwa saa nne.

Gramu iliyowahi kugeuka kweli

Kuna siku gramu moja hivi ya masi iligeuka nishati mbele ya watu. Ni tarehe 9 Agosti 1945, Nagasaki. Mlipuko wa bomu lile hukadiriwa kuwa sawa na tani 21,000 za baruti ya TNT. Kwa makubaliano, tani moja ya TNT ni jouli bilioni 4.184. Zidisha kwa 21,000, unapata jouli trilioni 87.9. Igawanye kwa c kipeo cha pili, unapata kilo 0.00098, yaani gramu 0.98.

Lakini bomu lile halikuwa na gramu moja ya plutoni. Lilikuwa na takriban kilo 6.2. Katika hizo, kilo moja hivi ndiyo iliyopasuka viini vyake, nyingine ikatawanyika kabla ya kupata nafasi. Na katika kilo hiyo iliyopasuka, ni gramu moja tu iliyogeuka nishati. Gramu zaidi ya 990 zilizobaki zilikuwa bado zipo baada ya mlipuko, zikiwa zimekuwa elementi nyingine zenye sumu ya mionzi.

Siku tatu kabla, Hiroshima, bomu la urani lenye nguvu ya tani 15,000 hivi lilikuwa limegeuza gramu 0.7. Sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumika katika mradi ule wa Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wachimbaji wa Kongo chini ya kampuni ya Kibelgiji. Ni habari ambayo vitabu vyetu vya fizikia huiruka.

Linganisha sasa Nagasaki na Rufiji. Jouli ni karibu zile zile. Tofauti ni muda: saa 12 kwa bwawa, chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde kwa bomu. Kwa hiyo ukiulizwa "gramu moja ina nguvu gani?", jibu la kweli ni kuuliza kwanza itatoka kwa muda gani.

Kwa nini gramu moja tu kati ya kilo?

Swali hili ndilo linalonivutia kuliko yote, na jibu lake linaonyesha kwa nini sukari yako iko salama kwenye kopo.

Kiini cha atomi kimejengwa kwa protoni na nyutroni. Chukua urani 235, ipigwe na nyutroni moja: una chembe 236 kwenye kiini. Njia moja inayojulikana ya kupasuka kwake inatoa bari 141, kriptoni 92 na nyutroni 3 huru. Jumlisha: 141 na 92 na 3 ni 236. Hakuna hata chembe moja iliyotoweka. Kilichobadilika ni jinsi zilivyoshikana. Katika viini vipya zimekaa kwa kukazana zaidi, na zikikazana masi yao ya jumla inapungua kidogo. Upungufu huo mdogo, pamoja na ule unaotokea viini vipya vinapoendelea kutoa mionzi baadaye, unafika sehemu 0.9 katika kila 1,000. Ndiyo sababu inabidi kilo 1.1 ya urani 235 ipasuke yote ili gramu moja ya masi igeuke.

Jua linafanya vizuri kidogo. Linaunganisha hidrojeni kuwa heli, na upungufu wake ni sehemu 7 katika 1,000. Hata hivyo ni lenye njaa: kila sekunde linapoteza zaidi ya tani milioni 4 za masi kwa njia ya mwanga.

Kwenye moto wa kawaida upungufu upo pia, jambo ambalo wengi hukataa wakilisikia mara ya kwanza. Watu wamezoea kufikiri kwamba E = mc² ni ya nyuklia na kwamba mkaa una sheria zake. La. Choma mtungi wote wa gesi wa kilo 15: nishati ni jouli milioni 690, igawanye kwa c kipeo cha pili, upungufu ni kilo 0.0000000077, yaani sehemu nane tu za milioni za gramu. Gesi ile pamoja na oksijeni iliyoivuta vilikuwa na kilo 70 hivi, kwa hiyo tungehitaji mizani inayoona sehemu moja katika bilioni tisa. Mwalimu wa kemia anayesema masi haibadiliki wakati wa kuungua hajadanganya kwa kipimo chochote cha maabara ya shule. Na mitungi 130,000 ikishachomwa yote, sehemu hizo nane za milioni za kila mtungi zinajumlishana kuwa gramu moja kamili, kama hesabu inavyodai.

Utaona basi kwamba kauli "gramu moja ya maada ni sawa na malori 70 ya petroli" inaweza kusomwa kwa namna nyingine: malori 70 ya petroli yakiungua, ulimwengu wa moshi na majivu unaobaki ni mwepesi kwa gramu moja. Gramu hiyo haikupotea. Imeondoka na joto. Kama ungefunga mafuta, hewa, moto na joto lote ndani ya sanduku lisilopitisha chochote na kuliweka juu ya mizani, mizani isingesogea.

Kugeuka kote kunatokea wapi?

Kwa kadiri inavyojulikana, njia iliyothibitishwa ya kugeuza chembe yote, na si upungufu wake tu, ni kuikutanisha na pacha wake wa maada kinzani. Elektroni ikikutana na positroni, zote mbili zinatoweka na badala yake inatoka mionzi miwili ya gama inayokimbia pande mbili tofauti. Hilo hufanyika kila siku hospitalini kwenye mashine za PET za kuchunguzia saratani: mgonjwa hudungwa dawa inayotoa positroni, na mashine inanasa ile mionzi miwili ili ijue ilikoanzia. Nishati ya kila jozi ni jouli 0.00000000000016, ndiyo maana mgonjwa hainuki akiwa ameungua.

Hapa kuna mtego wa mwisho wa hesabu. Ukisikia "gramu moja ya maada kinzani", usiandike trilioni 90. Gramu hiyo lazima ikutane na gramu moja ya maada ya kawaida, nazo zote zinageuka, kwa hiyo ni gramu mbili: jouli trilioni 180, uniti milioni 50. Na usiihesabu kuwa chanzo cha umeme, kwa kuwa maada kinzani haichimbwi mahali. Hutengenezwa kwenye maabara kama CERN, chembe baada ya chembe, kwa umeme mwingi kupita kiasi kuliko utakaorudi.

Ukikutana na dai kama hili

Madai mengi yanayosambaa huchanganya gramu ya maada iliyogeuka yote na gramu ya urani iliyopasuka. Kuyatenganisha si kazi. Gramu ya urani 235 ikipasuka yote inatoa jouli bilioni 82 hivi. Makaa ya mawe mazuri yana jouli milioni 27 hivi kwa kilo, kwa hiyo hiyo ni sawa na tani 3. Gramu iliyogeuka yote ni jouli bilioni 90,000, na makaa yake ni zaidi ya tani 3,000. Ukisoma "gramu moja, tani tatu za makaa", anayezungumza anazungumzia kinu cha nyuklia na yuko sahihi. Ukisoma "gramu moja, tani elfu tatu", anazungumzia E = mc² ya kugeuka kote, naye yuko sahihi. Ukisoma "gramu moja ya urani, tani elfu tatu", mtu amechukua mafuta ya hesabu moja na kuyatia kwenye nyingine, na jibu lake limezidi kwa karibu mara 1,000.